Barua ya likizo haitoki mkononi mwangu

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni karani wa nyaraka katika kampuni ya kutoa mizigo forodhani hapa Busia, upande wa Uganda. Niliajiriwa tarehe 2 Februari mwaka huu wa 2026, na hii ndiyo kazi yangu ya kwanza ya ofisini. Mkataba unanipa siku 21 za kazi za likizo kwa mwaka. Tunafanya kazi Jumatatu hadi Jumamosi.

Mama yangu anakaa Bombo. Amepangiwa upasuaji wa mtoto wa jicho Kampala, Jumanne tarehe 6 Oktoba. Dada yangu wa Arua hawezi kufika kabla ya tarehe 17, kwa hiyo mimi ndiye wa kumpeleka na kumkalia mpaka hapo.

Shida yangu ni barua ya kuomba likizo. Naiandika, naisoma, naichana. Mara naiona fupi kama ya mtu mwenye kiburi, mara ndefu kama ya mtu anayelia. Usiku naamka kubadili neno moja. Jana niliichapa, nikaitia kwenye bahasha, nikafika mpaka mlangoni kwa bosi. Nikasikia anamfokea mtu kwenye simu, nikarudi mezani na bahasha yangu. Mwezi uliopita mwenzetu aliomba ruhusa, akajibiwa mbele ya watu kwamba hapa si mahali pa kupumzikia. Rasimu niliyofikia ni hii:

“Mheshimiwa Meneja, kwa unyenyekevu mkubwa na heshima zote, naomba radhi kukusumbua. Najua mimi ni mgeni kazini na sistahili, lakini nakuomba sana unifikirie ruhusa ya siku chache kuanzia wiki ya kwanza ya Oktoba. Mama yangu ni mjane na macho yamemsumbua tangu mwaka juzi. Tulianza kwa dawa za kienyeji, baadaye tukaenda zahanati, wakatuambia tusubiri, na sasa jicho la kulia halioni kabisa. Hata ukinipa siku tatu nitashukuru. Nikirudi niko tayari kufanya kazi hata Jumapili ili kufidia. Samahani tena kwa usumbufu.”

Niongeze nini, au nipunguze nini?

Karani mwenye hofu, Busia

*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa kuuguliwa na mama, na Mungu amjalie jicho lake lifunguke vizuri.

Nimekaa miaka mingi kwenye meza inayopokea barua kabla hazijaingia kwa mkubwa, Kampala na baadaye Tororo, na barua za likizo zimepita mkononi mwangu za kila namna. Nikuambie bosi anazisomaje. Haanzi juu kushuka chini. Jicho linakwenda moja kwa moja kutafuta tarehe. Akizipata, anainua uso kutazama kalenda ya ukutani. Kisha anauliza, mara nyingi kwa sauti na bila hata kumtazama mtu, “Faili zake nani anabaki nazo?” Akipata majibu ya hayo mawili, kalamu inashuka. Akikosa, barua inawekwa pembeni chini ya kikombe cha chai, na ikishakaa pale inaweza kumaliza wiki bila mtu kuigusa.

Sasa chukua rasimu yako uisome kwa jicho hilo. Unaanza lini? “Wiki ya kwanza ya Oktoba.” Siku ngapi? “Chache,” halafu chini kidogo zimekuwa tatu. Unarudi lini? Hakuna. Kazi yako anabaki nayo nani? Hakuna. Bosi wako anajua habari za dawa za kienyeji za mama, lakini hajui kama tarehe 12 utakuwa ofisini au la. Ndiyo maana kila ukiibadilisha unaona bado haijakaa. Umekuwa ukibadili maneno ya adabu, na pengo liko kwenye tarehe na kwenye kazi. Adabu ya barua hii imetosha, kwa kweli imezidi.

Tuanze na hesabu, kwa sababu hesabu ikisimama hofu nayo hupungua.

Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mfanyakazi siku 7 za likizo yenye malipo kwa kila miezi 4 mfululizo ya kazi, ambazo kwa mwaka zinakuwa 21, na mkataba wako umeandika hivyohivyo. Kuna sharti la kuwa umeshafanya kazi miezi 6 mfululizo kabla ya kuanza kuichukua likizo hiyo. Wewe uliingia tarehe 2 Februari. Miezi 6 ilitimia mwanzoni mwa Agosti, hapo umeshavuka. Miezi 4 ya kwanza ilikwisha mwanzoni mwa Juni, ukapata siku 7. Miezi 4 ya pili inakwisha mwanzoni mwa Oktoba, na hapo unakuwa na 14. Likizo ikianza Jumatatu tarehe 5 Oktoba, siku 14 zote zimeshaiva. Ingekuwa upasuaji umepangwa Septemba ningekuambia uombe 7 kwanza, na zilizobaki ukazungumze na mkubwa wako. Kwa Oktoba huna haja ya kuomba siku tatu kwa machozi ilhali una 14 ulizozifanyia kazi.

Haya, unahitaji ngapi? Hapa ndipo makarani wengi wageni hukosea, na kosa lenyewe huonekana siku ya kurudi. Unasafiri kwenda Bombo Jumapili tarehe 4, hiyo si siku ya kazi kwenu, haihesabiwi. Jumatatu tarehe 5 ni siku ya kwanza, Jumanne ya upasuaji ni ya pili, Jumatano ya tatu, Alhamisi ya nne. Ijumaa tarehe 9 Oktoba ni Siku ya Uhuru. Sheria inakupa siku hiyo kama sikukuu yenye malipo, na haki hiyo iko mbali na likizo, kwa hiyo usiikate kwenye siku zako. Jumamosi tarehe 10 kwenu ni siku ya kazi, basi ni ya tano. Wiki inayofuata, Jumatatu tarehe 12 hadi Ijumaa tarehe 16, unaongeza tano. Jumla ni siku 10.

Bado kuna Jumamosi tarehe 17, siku ambayo dada yako anaingia. Ukiandika kwamba likizo yako inaisha tarehe 16 halafu ukaonekana ofisini Jumatatu tarehe 19, umekosa kazi siku moja bila ruhusa, na kwa mtu aliye mwaka wake wa kwanza hilo ni doa la bure. Dada akitoka Arua hafiki Bombo alfajiri, na wewe unahitaji muda wa kumwelekeza. Kwa hiyo omba 11, tarehe 17 ikiwemo, urudi kazini Jumatatu tarehe 19. Zinabaki 3 kati ya zile 14, na miezi mingine 4 imeanza kuhesabika. Hesabu hii ifanye kwenye karatasi ya pembeni, na siku ukiitwa uende nayo. Mkubwa akiuliza kwa nini 11 na si 12, utamjibu pale pale.

Sasa tuingie kwenye rasimu na wembe. “Najua mimi ni mgeni kazini na sistahili” ondoa yote, kwa sababu si kweli, na katika karatasi itakayokaa kwenye faili lako usiandike jambo la kujishusha lisilo kweli. “Naomba radhi kukusumbua” na “samahani tena kwa usumbufu” ondoa pia. Kupokea barua za likizo ni sehemu ya kazi ya meneja kama ilivyo kutia sahihi hundi. Neno “ruhusa” libadilishe liwe “likizo ya mwaka”. Ruhusa ni ile ya kutoka kwa muda wa saa mbili kwenda benki, na huyo mwenzenu aliyejibiwa vibaya nadhani ndiyo aliyoomba, tena huenda siku malori yamepanga foleni. Kama ukiandika ruhusa, mtu wa mishahara anaweza kuzikata siku hizo kama siku ulizokosa kazini. Ukiandika likizo ya mwaka, anajua zinatoka kwenye zile 21 na mshahara unabaki mzima.

Habari za mama zipunguze hadi sentensi moja. Sikuambii ufiche. Likizo ya mwaka haihitaji sababu kisheria, na ungeweza kuiomba bila kumtaja mama kabisa. Lakini kwako sababu ina kazi moja ya maana: inamweleza bosi kwa nini tarehe hizo na si nyingine. Tarehe ya upasuaji imepangwa na hospitali, wewe huwezi kuisogeza. Hilo tu ndilo analohitaji kulijua. Mjane, dawa za kienyeji, zahanati, hayo ni ya nyumbani kwenu, na barua inaweza kusomwa na watu watatu kabla ya kufika inakokwenda. Kadi ya miadi ya hospitali usiiambatanishe, ikae tu kwenye mkoba. Akisema tarehe hazimfai, hapo ndipo unaitoa na kumwonyesha.

Sentensi ya kufanya kazi Jumapili kufidia ndiyo iliyonitia uchungu kuliko zote. Ondoa, mwanangu. Likizo hailipwi kwa Jumapili, umeshailipa kwa miezi uliyofanya kazi. Sheria hiyohiyo ya 2006 inasema makubaliano yoyote ya mfanyakazi kukiacha kiwango cha chini cha likizo alichopewa na sheria, hata kwa malipo, ni batili. Wewe mwenyewe unapojitolea kuifidia kwa maandishi, umempa mtu karatasi ya kukushikia mwakani, na wenzako pia watashikiwa hiyohiyo.

Baada ya kukata hayo, nafasi iliyobaki ijaze kile kilichokosekana, yaani kazi yako nani anaishika. Katika ofisi ya mizigo jambo hili ni zito kuliko ofisi nyingi. Lori likisimama mpakani kwa sababu karani hayupo, dereva anapiga simu kwa mwenye mali, mwenye mali anampigia bosi wako. Mzigo unaopita kwenda nchi nyingine una muda wake wa kutoka, na mpaka utoke, dhamana ya kampuni inabaki imefungwa juu yake. Bosi anayefoka kwenye simu, mara nyingi anafokea kitu cha namna hiyo. Basi hofu yake unaijua, na dawa yake iko kwako.

Kabla ya barua kwenda popote, zungumza na karani mwenzako mmoja. Muulize kama atakushikia faili zako kuanzia tarehe 5 hadi 17, na umwambie kwamba naye akienda likizo utashika zake. Usimwandike kwenye barua kabla hajakubali. Nimeona barua nzuri ikirudi kwa sababu aliyetajwa aliitwa akasema hana habari. Akishakubali, andaa karatasi ya makabidhiano, ukurasa mmoja au miwili. Kila faili iliyo wazi iwe na mstari wake: jina la mteja, namba ya tamko la forodha, mzigo umefika hatua gani, kinachosubiriwa ni nini na kutoka kwa nani, na tarehe ambayo lazima kitu kifanyike. Mfano, mstari mmoja unaweza kusema hivi: mteja wa vigae, kodi imeshalipwa, afisa wa forodha ameomba ankara halisi, mteja ameahidi kuileta Jumatano tarehe 7, ikija ipelekwe siku hiyohiyo. Mwenzako akisoma hivyo hana sababu ya kukupigia simu ukiwa wodini. Ukimwandikia tu “inashughulikiwa”, atakupigia.

Jambo moja la hatari hapa. Neno la siri la akaunti yako ya ASYCUDA, ule mfumo wa kompyuta wa forodha, usimwachie mtu, hata huyo mwenzako, hata akiwa ndugu yako. Kila kitu kinachoingizwa kwa akaunti hiyo kinasomeka kuwa umekiingiza wewe. Tamko likiwa na thamani ya uongo tarehe 8 Oktoba, Mamlaka ya Mapato haitauliza kama ulikuwa Bombo unamtilia mama dawa. Mwenzako atumie akaunti yake. Kama hana, mwambie msimamizi wako mapema, kwa sababu hilo ni la kampuni kulipanga na halimalizwi siku ya mwisho saa kumi na moja jioni.

Barua yenyewe basi ikae hivi. Ofisi yenu ikitaka Kiingereza, mpangilio ni uleule.

“(Jina lako na cheo chako)
9 Septemba 2026

Kwa: Meneja
Kupitia: Msimamizi wa Sehemu ya Nyaraka

YAH: MAOMBI YA LIKIZO YA MWAKA, SIKU 11 ZA KAZI, 5 HADI 17 OKTOBA 2026

Naomba kuchukua siku 11 za likizo yangu ya mwaka kuanzia Jumatatu tarehe 5 Oktoba hadi Jumamosi tarehe 17 Oktoba 2026. Ijumaa tarehe 9 Oktoba ni sikukuu ya taifa na haimo katika hesabu hiyo. Nitarudi kazini Jumatatu tarehe 19 Oktoba.

Nimechagua tarehe hizi kwa sababu mzazi wangu atafanyiwa upasuaji Kampala tarehe 6 Oktoba, na mimi ndiye nitakayemhudumia.

Faili zangu zitashikwa na (jina la mwenzako), ambaye amekubali. Nitamkabidhi kwa maandishi Ijumaa tarehe 2 Oktoba, na nakala nitaiacha kwa Msimamizi. Kwa jambo la haraka napatikana kwa simu namba (namba yako).

Naomba jibu lako ifikapo tarehe 18 Septemba ili nithibitishe na hospitali.

Wako mtiifu,
(sahihi na jina)”

Soma kwa sauti mara moja. Utaona si ya kiburi na si ya kilio. Makabidhiano nimeyaweka Ijumaa makusudi, ili Jumamosi tarehe 3 mwenzako akikuta kitu asichokielewa bado upo mezani kwako. Na ule mstari wa kuomba jibu ifikapo tarehe fulani, watoto wengi huuogopa wakidhani ni amri. Ukiwa na sababu yake palepale, unamsaidia mtu mwenye karatasi nyingi kujua ipi ianze.

Msimamizi nimemweka kwenye “kupitia” kwa kuwa ndivyo ofisi zetu za Uganda zilivyo, na kwako ana faida kubwa. Barua mpe yeye kwanza, umweleze kwa mdomo kwa dakika mbili, umwonyeshe na karatasi ya makabidhiano hata kama haijakamilika. Yeye ndiye anayejua wiki hiyo kuna shehena gani. Akiandika pembeni “Napendekeza” na kutia sahihi, barua inapoingia kwa bosi haiwi tena ya kijana mgeni peke yake. Huenda msimamizi akaipeleka mwenyewe, na ule mlango ulioushindwa jana usiwe na haja ya kuugonga.

Akikuambia upeleke mwenyewe, chagua saa. Asubuhi ya Jumatatu hapana, na wakati simu inalia hapana. Adhuhuri ikishapita na foleni ya malori imepungua, gonga, ingia, salimu kama unavyomsalimu kila siku. Sema, “Nimeleta maombi ya likizo ya Oktoba, msimamizi ameshayaona, na faili zangu zina mtu.” Weka barua mezani. Kisha nyamaza. Watu wenye hofu huharibu hapa, kwa sababu kimya cha mkubwa anaposoma huwatisha, wakaanza kujipunguzia siku wenyewe kabla hajasema neno. Mwache asome. Akikuambia “Niachie”, shukuru utoke.

Chapa nakala mbili. Moja unaiacha, nyingine inagongwa muhuri wa kupokelewa au inatiwa sahihi na tarehe na yule aliyeipokea, nawe unaitunza nyumbani, si kwenye droo ya ofisi. Usione haya kuomba muhuri huo, ni utaratibu wa kawaida. Siku barua ikisemekana haikuonekana, nakala hiyo ndiyo itakayosema.

Na akikataa? Kwanza sikiliza anakataa nini. Sheria inasema wakati wa kuchukua likizo hupangwa kwa makubaliano ya pande mbili, kwa hiyo mwajiri anayo haki ya kusema wiki hiyo ni ngumu. Uliza, “Ni siku zipi zitakazokufaa?” na hapo utoe kadi ya hospitali, umwonyeshe kwamba tarehe 6 haisogei. Ukilazimika kupunguza, usianze kwa kukata mwanzo. Kata mwisho. Siku unazozihitaji kabisa ni ya upasuaji, inayofuata ambapo bandeji hutolewa na jicho kuangaliwa, na ile ya kurudi kwa daktari ambayo mara nyingi huwa kama wiki moja baadaye. Unaweza kukubali kurudi tarehe 15 kama kuna jirani au shangazi yako wa damu wa kumkalia mama mpaka dada afike. Lakini pendekezo hilo litoke baada ya yeye kukataa, si kabla.

Likitoka jibu la mdomo, liwe la ndiyo au la hapana, omba liandikwe juu ya barua yenyewe, hata kwa maneno mawili na sahihi. Usiondoke Busia kwa “sawa, tutaona”. Ukiondoka bila idhini iliyoandikwa, utahesabiwa kuwa mtoro hata kama siku zako zimeiva, na hapo sheria itakutazama tofauti. Tarehe 18 Septemba ikifika kimya, rudi kwa msimamizi umuulize kwa upole barua imefika wapi. Ukiona inasukumwa mwezi hadi mwezi mpaka mwaka unakwisha bila likizo yoyote, kuna afisa wa kazi wa wilaya, na kumwendea hakulipiwi. Sidhani utafika huko. Nakutajia kwa sababu nyingine: najua kinachokuamsha usiku si neno “naomba”. Unaogopa kazi itaondoka. Sheria ya Ajira inataja wazi kwamba mfanyakazi kuchukua likizo yake ya haki, au hata kukusudia kuichukua, si sababu halali ya kumfukuza. Huna haja ya kumsomea bosi kifungu hicho, wala usikiandike kwenye barua. Kijue tu.

Kuhusu mama, kwa kuwa siku hizo 11 umeziomba kwa ajili yake. Baada ya upasuaji wa mtoto wa jicho, dawa ya matone huendelea kwa wiki kadhaa, kwa kawaida kama nne, kwa hiyo itapita siku zako na kuingia kwenye zamu ya dada. Mwandikie dada ratiba ya matone, chupa ipi saa ngapi, kama unavyomwandikia mwenzako wa ofisini. Mama asilisugue jicho, asiingize maji anaponawa uso, asinyanyue ndoo wala kuinama kupuliza jiko kwa muda daktari atakaowaambia. Anayeswali amuulize daktari kuhusu sijda. Wengi huambiwa waswali wamekaa kwenye kiti kwa siku za mwanzo. Na jicho likiwa jekundu zaidi badala ya kupungua, likiuma sana, au kuona kukianza kufifia tena, asisubiri siku ya miadi, arudishwe hospitali siku hiyohiyo.

Shangazi